Dola ni rungu la tabaka tawala, au ni zaidi ya rungu? Marx na Gramsci mbele ya migomo ya Dar es Salaam ya 1973

Mwaka 1973, Dar es Salaam, wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walimwondoa mwenye kiwanda na kuanza kukiendesha wenyewe. Serikali haikuwapelekea polisi. Iliwabariki. Mwaka huo huo, wafanyakazi wa sehemu nyingine wakajaribu hatua kama ile, wakitumia maneno yale yale na kushikilia kifungu kile kile cha Mwongozo wa TANU. Safari hii polisi walikuja, watu wakakamatwa, na baadhi yao wakasafirishwa kurudishwa makwao vijijini.

Serikali ilikuwa ile ile na chama kile kile. Kwa nini basi mkono uliobariki ndio uliokamata? Mwanafunzi wa siasa, kiongozi wa chama cha wafanyakazi au mwandishi wa habari anayetaka jibu ana nadharia mbili kubwa za kuchagua, zote zikitoka katika ukoo mmoja wa Kimarx. Ya kwanza inasema dola ni chombo cha tabaka moja kulitawala jingine. Ya pili, aliyoianzisha Antonio Gramsci akiwa gerezani Italia, inasema tabaka halitawali kwa rungu peke yake. Linatawala pia kwa kuwafanya watawaliwa wakubali uongozi wake, na kukubali huko hujengwa, hulipiwa gharama, na huweza kuvunjika. Nitazipitisha zote mbili kwenye kisa hiki, maana nadharia ya dola ikibaki hewani kila moja huonekana kweli.

Dola kama chombo

Wasomaji wengi humjua Marx kwa sentensi moja ya Ilani ya Chama cha Kikomunisti ya 1848: serikali ya kisasa ni kamati tu ya kusimamia mambo ya pamoja ya tabaka zima la mabepari. Wanaoinukuu huruka maneno mawili yenye uzito kuliko yote, yaani “ya pamoja”. Kamati hiyo haimtumikii bepari huyu au yule. Inaweza kumuumiza mmoja ili kuwalinda wote. Marx mwenyewe aliandika kwa kirefu jinsi Bunge la Uingereza lilivyopitisha sheria ya saa kumi za kazi mwaka 1847 huku wenye viwanda wakipiga kelele. Wafanyakazi waliipigania sheria ile kwa miaka mingi, na wakati huo huo ilizuia pupa ya kila mwenye kiwanda isije ikaimaliza nguvukazi ambayo tabaka lao lote linaitegemea. Kwa hiyo anayedhani nadharia hii inasema waziri hupokea amri kwa simu kutoka kwa matajiri bado hajaielewa.

Marx aliongeza jambo jingine baada ya mapinduzi ya Louis Bonaparte ya tarehe 2 Desemba 1851. Ufaransa ilikuwa na mabepari wenye nguvu, lakini Bonaparte alilivunja Bunge lao na dola ikaonekana kuelea juu ya matabaka yote. Maelezo ya Marx ni kwamba mabepari walikubali kupoteza usemi wao wa kisiasa ili wasipoteze mali zao. Mtu mwingine akashika usukani, na gari likaendelea kwenda walikotaka. Engels, mwenzake Marx, akalisema hilo kwa jumla mwaka 1884: kwa kawaida dola huwa ya tabaka lenye nguvu zaidi kiuchumi, ila kuna vipindi ambapo matabaka yanayopambana yanalingana nguvu, na hapo dola hupata uhuru wa muda.

Lenin ndiye aliyeipa nadharia hii makali yake. Akiwa mafichoni mwaka 1917, kati ya mapinduzi mawili ya Urusi, aliandika kwamba kiini cha dola ni vikosi maalumu vya watu wenye silaha, magereza, na urasimu uliosimama juu ya wananchi. Kutoka Komyuni ya Paris ya 1871, serikali ya wafanyakazi iliyodumu takriban siku sabini kabla ya kuzamishwa katika damu, alichukua fundisho ambalo Marx alilitamka wakati ule ule: wafanyakazi hawawezi kukirithi chombo hicho kilivyo na kukitumia kwa malengo yao. Ni lazima wakivunje na kujenga kingine.

Sasa tuilete nadharia hii Dar es Salaam. Aliyefanya kazi hiyo kwa ukamilifu ni Issa Shivji, katika kitabu chake cha 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania. Hoja yake ni kwamba baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 na utaifishaji wa mabenki na makampuni makubwa, watu walioshika dola na mashirika ya umma waligeuka kuwa tabaka tawala lenyewe, mabepari warasimu, huku wakibaki wamefungwa na mtaji wa kimataifa. Hawakumiliki viwanda kwa hati za majina yao. Walivimiliki kwa kuimiliki dola.

Ukikubali hoja hiyo, kisa cha 1973 kinaanza kufunguka. Mwenye Mount Carmel alikuwa bepari binafsi. Kumtoa hakukuigusa misingi ya warasimu. Kulimpunguza mshindani wao. Lakini desturi ya wafanyakazi kuamua wenyewe meneja gani abaki na gani aondoke ingesambaa hadi kwenye mashirika ya umma, na huko meneja ndiye mrasimu mwenyewe. Ilipoonekana kwamba Mount Carmel haingebaki tukio la pekee, chombo kikafanya kazi yake. Kuhusu mahali breki iliposhikwa, sijaona maelezo yanayoishinda nadharia hii.

Inapokwama ni hapa. Kwa nini wafanyakazi wale walitarajia serikali iwe upande wao? Migomo mingi kati ya 1971 na 1973 haikuwa ya mishahara tu. Watu waligoma kwa sababu meneja aliwatukana, aliwapuuza, alijifanya bwana mkubwa. Walisimama getini na kusoma kifungu cha 15 cha Mwongozo wa TANU wa Februari 1971, kinachomkataza kiongozi majivuno, dharau na udhalimu. Kilichotoka kwenye mikutano ya chama tawala kikawa silaha mikononi mwa watawaliwa. Ukijibu kwamba Mwongozo ulikuwa hila, hujaeleza kwa nini hila iwape watu silaha kali kiasi hicho, wala kwa nini watawala waliamua kuichapisha na kuisambaza.

Gramsci na kiwanda ambacho jeshi halikukivamia

Gramsci alikutana na fumbo la aina hii nusu karne kabla. Septemba 1920, mamia ya maelfu ya wafanyakazi wa Italia waliviteka viwanda vya vyuma. Mjini Torino, ambako Gramsci alikuwa akihariri gazeti la L'Ordine Nuovo na kutetea mabaraza ya viwanda, wafanyakazi waliendelea kuzalisha bila mabosi. Wenye viwanda walimsihi waziri mkuu, Giovanni Giolitti, atume jeshi. Alikataa. Akasubiri wachoke, akasuluhisha mkataba wenye nyongeza ya mshahara na ahadi ya wafanyakazi kushirikishwa katika usimamizi, na viwanda vikarudi kwa wenyewe. Ahadi ya usimamizi haikutekelezwa. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1922, Mussolini alikabidhiwa serikali.

Msomaji wa Lenin angetarajia risasi mwaka 1920. Kilichokuja ni mazungumzo, na yaliwavunja wafanyakazi kuliko ambavyo risasi zingewavunja. Gramsci alikamatwa Novemba 1926 akiwa mbunge, akahukumiwa mwaka 1928 kifungo cha zaidi ya miaka ishirini, na kuanzia 1929 hadi 1935 akajaza madaftari akitafuta maelezo ya kushindwa kule. Alifariki Aprili 1937. Aliandika akijua askari magereza wanamsoma, ndiyo maana lugha yake hujificha, na ndiyo maana kila mtu humvutia upande wake hadi leo.

Marekebisho yake makuu ni mawili. La kwanza, alipanua ramani ya dola. Dola kamili, alisema, ni jamii ya kisiasa pamoja na jamii ya kiraia: mahakama na kambi za jeshi kwa upande mmoja, kwa upande wa pili shule, makanisa, magazeti, vyama vya wafanyakazi, vilabu. Huko kwa pili ndiko tabaka linalotawala hujenga hejemonia, yaani uongozi unaokubaliwa, ambao Gramsci aliueleza kuwa umevikwa deraya ya mabavu. Wanaomnukuu ili kuthibitisha kwamba siku hizi utawala ni utamaduni mtupu wameitupa deraya hiyo njiani. Gramsci hakumwondoa polisi. Aliuliza polisi anakaa wapi siku ambazo haji.

Alieleza pia kwa nini Urusi ilianguka kwa pigo moja na Ulaya Magharibi haikuanguka. Urusi dola ilikuwa kila kitu na jamii ya kiraia ilikuwa changa. Magharibi dola ilikuwa handaki la mbele tu, na nyuma yake kulikuwa na mlolongo wa ngome. Ukilivuka handaki hujashinda. Unahitaji vita virefu vya kushika nafasi moja baada ya nyingine ndani ya jamii kabla ya kuigusa serikali.

La pili, na ndilo linalotufaa zaidi hapa, ni kwamba ridhaa ina bei. Kundi linaloongoza lazima lizingatie maslahi ya wanaoongozwa na lijinyime baadhi ya mambo. Lakini kujinyima huko, Gramsci alisisitiza, hakuwezi kugusa kiini, na kiini ni nafasi ya kundi hilo katika moyo wa uchumi. Giolitti alitoa mshahara na hakutoa kiwanda. Kipimo ni hicho: tafuta kilichotolewa, kisha tafuta mahali ambapo kutoa kulikoma.

Rudi nacho Dar es Salaam. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, serikali ilivunja shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi na kuunda NUTA, ambayo katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Chama kilifika hadi kwa balozi wa nyumba kumi. Redio, shule, semina za kazini na Kiswahili chenyewe vilibeba ujumbe mmoja: sote ni ndugu, adui ni unyonyaji, kiongozi ni mtumishi. Mwongozo wenyewe ulitoka wiki chache baada ya Idi Amin kumpindua Obote tarehe 25 Januari 1971. Viongozi wa TANU waliona serikali ya jirani ikianguka bila wananchi kusimama kuitetea, na wakaelewa kwamba wananchi lazima wawe na kitu cha kutetea. Ahadi iliyotolewa ilikuwa halisi kwa sababu hofu ilikuwa halisi.

Mwenye ahadi halisi mkononi huidai. Kila mgomo uliomtaja meneja mwenye majivuno uliwaweka viongozi kwenye kona: wakiukandamiza, wanakana maandishi yao wenyewe mbele ya nchi nzima. Ndiyo maana Mount Carmel ilibarikiwa. Na ndiyo maana hatua zilizofuata zilipigwa kwa maneno ya nidhamu, uzalishaji na maslahi ya taifa, si kwa maneno ya haki ya mwenye mali. Hata rungu lilihitaji kuvalishwa lugha ya Azimio.

Waliofuata, kwa kifupi

Louis Althusser, mwaka 1970, aliyachukua mawazo haya na kuzipachika shule, dini, familia na vyombo vya habari moja kwa moja ndani ya dola, akiviita vyombo vya kiitikadi vya dola. Naona alipoteza zaidi ya alichopata. Kila kitu kikiwa dola, huwezi tena kuuliza kwa nini NUTA ilihitaji kuundwa kwa sheria wakati kanisa halikuhitaji.

Nicos Poulantzas ndiye wa kushikilia. Mwanzoni alibishana na Ralph Miliband, ambaye kitabu chake cha 1969 kilionyesha jinsi wakubwa wa serikali na wakubwa wa biashara walivyotoka shule na familia zile zile. Poulantzas alijibu kwamba hata ukiwabadilisha watu hao wote, dola ya kibepari itabaki ya kibepari kwa sababu ya mahali ilipokaa katika mfumo. Kufikia kitabu chake cha 1978 alikuwa amesogea mbele: dola si kitu cha kushikwa mkononi wala mtu mwenye nia yake, bali ni uwiano wa nguvu za matabaka ulioganda katika taasisi. Mapambano yanapita ndani yake. Kwa Tanzania ya 1973 hilo lina maana ya wazi: kiongozi wa chama aliyewaunga mkono wafanyakazi na ofisa aliyewaitia polisi wangeweza kuwa watu wawili ndani ya dola moja, kila mmoja akibeba shinikizo tofauti kutoka nje.

Perry Anderson naye, katika makala ndefu ya 1976, alitoa onyo ambalo wapenzi wa Gramsci hawapaswi kulikwepa. Gramsci huelekea kuweka ridhaa katika jamii ya kiraia na mabavu katika dola, ilhali Magharibi chanzo kikubwa cha ridhaa ni dola yenyewe kupitia Bunge na kura: mfanyakazi anaamini anajitawala. Onyo hilo linafaa kwetu pia. TANU ilikuwa chama, serikali na shule ya siasa kwa pamoja. Ukijaribu kuchora mstari kati ya jamii ya kiraia na dola katika nchi ya chama kimoja, mstari haushiki.

Uchague ipi

Inategemea unauliza nini, na wapi.

Kama swali lako ni la kipindi ambacho watawala hawakutafuta ridhaa ya watawaliwa, nadharia ya chombo inatosha, na kumwita Gramsci ni kujipamba. Tanganyika ya Wajerumani, kodi ya kibanda na kilimo cha pamba cha kulazimishwa hadi Maji Maji ya 1905 hadi 1907, ilitawaliwa kwa nguvu iliyo wazi. Mwanahistoria Ranajit Guha aliitaja hali ya namna hiyo kwa koloni la India: utawala usio na hejemonia, ambamo kushawishi ni kudogo kuliko kulazimisha. Kulikuwa na maliwali, maakida na wamisionari, ndiyo, lakini ukitaka kujua nani aliamua nini, fuata bunduki na daftari la kodi.

Kama swali ni kwa nini sheria fulani imepita, nani ananufaika nayo, au kwa nini mageuzi yamesimama pale yaliposimama, anza tena na Marx na Lenin. Orodhesha nani anadhibiti uzalishaji, nani anateua wakubwa wa vikosi, mapato ya serikali yanatoka wapi. Kazi hiyo haikwepeki, na wengi wanaojiita wafuasi wa Gramsci huikwepa.

Kama swali ni kwa nini watu wanaoumizwa hawaasi, au wakiasi kwa nini wanaasi kwa lugha ya wakubwa wao, nadharia ya chombo itakupa jibu moja tu, kwamba wamedanganywa, na jibu hilo litakuharibia kazi. Hapo chukua Gramsci. Mchukue kwa masharti, kwa kuwa neno hejemonia linatumika ovyo. Mtu akikuambia wananchi wamenyamaza kwa sababu ya hejemonia, mtake akuonyeshe mambo matatu: ni taasisi gani iliyojenga ukubali huo, nani aliyeiendesha, na watawala walitoa nini ili ukubali huo uwe na maana. Akishindwa kuonyesha kilichotolewa, huenda watu hawakukubali chochote. Huenda waliogopa, na woga ni jambo jingine.

Nadharia ya chombo nayo ina kipimo chake cha kuharibika. Serikali ikikandamiza, wanasema ni chombo cha tabaka. Ikitoa mageuzi, wanasema ni ujanja wa tabaka. Maelezo yanayokubaliana na kila tukio hayajaeleza tukio lolote. Mtetezi makini wa nadharia hii ataje mapema mageuzi gani hayawezi kutolewa na kwa nini, kama Shivji alivyoweza kuonyesha kwamba udhibiti wa wafanyakazi juu ya mameneja ulikuwa nje ya mpaka.

Kwa kisa cha 1973 mimi nasimama na Gramsci kuliko Lenin, lakini Gramsci mwenye deraya. Nadharia ya chombo inaonyesha mpaka ulikuwa wapi. Haionyeshi kwamba wafanyakazi waliufikia mpaka huo kwa kutembea ndani ya maneno ya watawala wenyewe, wala kwamba kwa kuuvuka waliwalazimisha watawala kuchagua kati ya ahadi yao na nafasi yao. Mtu aliyeshika nadharia ya chombo peke yake mwaka ule angewashauri wasiusome Mwongozo kwa sababu ni karatasi ya wakubwa. Wangepoteza Mount Carmel. Mtu aliyeshika Mwongozo peke yake, bila kujua kiini kilipo, hangeona polisi wakija. Kiongozi wa wafanyakazi anayeandaa madai leo anaweza kuanza na maswali hayo mawili kwa mpangilio huo: ni ahadi ipi ambayo wenye mamlaka wameitoa hadharani na hawawezi kuikana bila kuaibika, na ni hatua ipi katika madai yetu inayogusa kile wasichoweza kukitoa. Madai yaliyo kati ya pointi hizo mbili yana nafasi ya kushinda bila kuvunjwa. Yanayovuka pointi ya pili yanahitaji washirika wengi zaidi ya waliokuwa nao wafanyakazi wa viwanda wa Dar es Salaam, hasa wakulima, ambao migomo ile haikuwafikia.